Mstari umenyooka, data je? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu grafu ya mabaki

Ukurasa huu umetokana na maswali ambayo wanafunzi huyarudia kila wanapofika kwenye sura ya matokeo ya ripoti zao. Kompyuta imeshachora mstari, namba zimetoka, sasa inabidi kuandika kama mstari huo unafaa. Karibu majibu yote yanatumia mfano mmoja, yaani data iitwayo `women` inayokuja na programu ya R, ili usihitaji kuzoea mfano mpya kila swali. Data hiyo ina safu 15 za kimo na uzito wa wastani wa wanawake wa Marekani wenye miaka 30 hadi 39. Kimo kinaanza inchi 58 hadi inchi 72, na uzito unaanza pauni 115 hadi pauni 164.

## Mambo ya mwanzo

1. Baki ni nini hasa?

Ni thamani halisi ukitoa kadirio la mstari. Kwa data yetu mstari unaotoka ni huu:

```
uzito = -87.52 + 3.45 × kimo
```

Chukua mwanamke wa inchi 65. Mstari unamkadiria pauni 136.7, ilhali data inasema pauni 135. Baki lake ni 135 − 136.7, yaani −1.7. Chukua wa inchi 72: mstari unasema 160.9, data inasema 164, baki ni +3.1.

Alama ndiyo inayowachanganya wengi, kwa hiyo itulize kichwani mapema. Baki likiwa chanya, nukta iko juu ya mstari, maana yake mstari umekadiria pungufu. Baki likiwa hasi, mstari umezidisha. Nimesoma ripoti nyingi zilizoona umbo sahihi kabisa kwenye grafu kisha zikaandika kinyume chake kwa sababu ya alama hii tu.

2. Grafu ya mabaki inachorwaje?

Mhimili wa chini unaweka kimo, mhimili wa wima unaweka mabaki, na katikati unapita mstari wa mlalo kwenye sifuri. Kwenye R ni mistari miwili ya amri:

```
m <- lm(weight ~ height, data = women)
plot(women$height, resid(m)); abline(h = 0)
```

Kuna wanaoweka makadirio kwenye mhimili wa chini badala ya kimo. Ukiwa na kigezo kimoja tu cha kukadiria, picha ni ileile, ila itageuka kushoto kulia ikiwa mstari wako unashuka. Ukiwa na vigezo vingi, chora dhidi ya makadirio kwanza, kisha dhidi ya kila kigezo peke yake.

3. Kwa nini nisiangalie grafu ya kawaida yenye nukta na mstari wake?

Kwa sababu kwenye grafu hiyo mteremko unameza kila kitu. Uzito unapanda pauni 49 kutoka chini hadi juu, wakati mabaki hayavuki pauni 3 na kidogo. Ukiitazama picha hiyo utaapa kuwa nukta zimelala juu ya mstari. Grafu ya mabaki inaondoa mpando huo wa pauni 49, kisha inazipanua zile pauni chache zilizobaki zijaze ukurasa mzima. Kilichokuwa mpindo usioonekana kinakuwa bakuli.

4. R² yangu ni 0.99. Bado nahitaji grafu hii?

Ndiyo, na mfano wetu ndio ushahidi, kwa kuwa R² yake ni 0.991 na mstari haufai.

R² inauliza swali jingine: ukilinganisha na kumkadiria kila mtu kwa wastani mmoja, mstari umepunguza makosa kiasi gani? Haiulizi makosa yaliyobaki yamekaa wapi. Makosa madogo yaliyojipanga kwa mkunjo na makosa madogo yaliyotapakaa ovyo yanaweza kutoa R² ileile.

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja na nukta 11, ambazo zote zinatoa mstari uleule, y = 3 + 0.5x, na R² ileile ya karibu 0.67. Ya kwanza ni mtawanyiko wa kawaida, ya pili ni tao safi, ya tatu ina nukta moja iliyotoroka, ya nne ina mteremko unaoshikiliwa na nukta moja tu. Ziko ndani ya R kwa jina `anscombe`. Zichore siku moja, itakuchukua dakika tano.

Tena katika `women` kuna sababu ya pekee ya R² kuwa juu hivyo. Kila uzito ni wastani wa watu wengi, na wastani hufuta tofauti kati ya mtu na mtu. Ungepima wanawake 15 mmoja mmoja, R² ingeshuka sana, na mkunjo uleule ungefichwa na fujo.

5. Mabaki yangu yanajumlishwa kuwa sifuri. Si dalili kwamba mstari umekaa vizuri?

Hapana. Mstari unaochorwa kwa njia ya miraba midogo zaidi, ukiachwa ukate mhimili wa y popote unapoangukia, hutoa jumla ya sifuri siku zote, hata ukiupitisha kwenye data yenye umbo la nusu duara. Usiandike jambo hilo kwenye ripoti kama ushahidi.

## Kulisoma umbo

6. Natafuta nini kwenye picha?

Unatafuta kukosekana kwa umbo. Mabaki ya mstari unaofaa yanafanana na punje za mchele zilizotapakaa kwenye ungo: nyingine juu ya sifuri, nyingine chini, unene uleule kutoka kushoto hadi kulia, na ukiliona baki moja huwezi kubashiri linalofuata.

Sasa soma mabaki ya `women` kuanzia kushoto: +2.4, +1.0, +0.5, +0.1, kisha −0.4, −0.8, −1.3, −1.7, −1.2, −1.6, −1.1, −0.5, kisha 0.0, +1.6, +3.1. Yanashuka, yanakaa chini, yanapanda. Ni bakuli. Ukifunika nukta ya mwisho kwa kidole ungeweza kusema itakuwa juu, na uwezo huo wa kubashiri ndio unaoonesha kuwa mstari umeacha kitu ndani ya data.

Chanzo chake kiko kwenye data yenyewe. Kutoka inchi 58 kwenda 59 uzito unaongezeka pauni 2. Kutoka inchi 71 kwenda 72 unaongezeka pauni 5. Mstari ulionyooka unalazimisha ongezeko moja kila mahali, pauni 3.45, ambalo ni kubwa mno mwanzoni na dogo mno mwishoni.

7. Nitajuaje kama mkunjo upo kweli na si macho yangu tu?

Swali zuri, maana macho ya binadamu huona sura hata kwenye mawingu. Kuna njia mbili rahisi.

Ya kwanza ni kuhesabu vipindi vya alama. Katika mabaki yetu kuna chanya 4 mfululizo, hasi 8 mfululizo, chanya 3 mfululizo (lile la inchi 70 ni chanya kwa nywele, +0.02). Hivyo ni vipindi 3. Kama chanya 7 na hasi 8 zingepangwa kwa bahati nasibu, tungetarajia vipindi 8 au 9. Vitatu ni vichache mno.

Ya pili naipenda zaidi. Yachanganye mabaki yaleyale kama karata, uyachore upya mara nyingi:

```
plot(women$height, sample(resid(m)))
```

Rudia amri hiyo mara 19, kisha iweke picha halisi katikati yao na umwite mtu ambaye hajaiona. Mwombe achague iliyo tofauti na nyingine. Akiinyooshea kidole ya kwako bila kusita, una umbo. Akikwama, usiliandike kwenye ripoti.

8. Mabaki yangu hayana bakuli, ila yanatanuka kama tarumbeta. Je?

Hilo ni tatizo la aina nyingine, lieleze kivyake. Mfano maarufu ni data ya `cars`, pia ndani ya R: vipimo 50 vya miaka ya 1920 vya mwendo wa gari kwa maili kwa saa na umbali wa kusimama kwa futi baada ya kufunga breki. Magari ya chini ya maili 10 kwa saa yote yana mabaki yasiyozidi futi 12 hivi kila upande. Kuanzia maili 22 kwa saa mabaki yanatoka −19 hadi +43.

Tarumbeta haisemi kuwa mstari umepita mahali pasipofaa. Inasema kuwa uhakika wako haulingani kila sehemu: kadirio la gari la polepole ni la kuaminika kuliko la gari la kasi, ilhali hesabu za kawaida za kiwango cha makosa zinachukulia yanalingana. Kwa data hii, kukadiria kipeuo cha pili cha umbali, `sqrt(dist)`, badala ya umbali wenyewe husawazisha upana kwa kiasi kikubwa.

Jambo moja la pembeni: mstari wa `cars` unakadiria kuwa gari la maili 4 kwa saa husimama baada ya futi −1.9. Umbali hauwezi kuwa hasi. Kabla hata ya kuchora mabaki, jaribu mstari wako kwenye ncha za data.

9. Kuna nukta moja iko mbali sana na nyingine. Niifute?

Usiifute kwa kosa la kuwa mbali. Irudie kwanza kwenye daftari la vipimo. Mara nyingi ni desimali iliyohama.

Angalia pia nukta hiyo inawafanya nini wenzake. Katika seti ya tatu ya Anscombe, nukta moja yenye x = 13 ina baki la +3.24. Nyingine kumi zina mabaki yaliyojipanga kwenye mstari unaoshuka, kutoka +0.39 upande wa kushoto hadi −1.16 upande wa kulia. Mteremko ndani ya mabaki haupaswi kuwepo, kwa kuwa kazi ya mstari ilikuwa kuuondoa. Ukiuona, ujue kuna nukta iliyouvuta mstari kwake. Chora mara mbili, ukiwa nayo na bila yake, na uripoti mistari yote miwili.

## Kuandika ulichokiona

10. Kwenye ripoti niandike nini?

Sentensi ninayokutana nayo zaidi ni hii: «Grafu ya mabaki inaonesha kuwa modeli si nzuri.» Msomaji asiye na grafu mbele yake hajaambiwa kitu. Si nzuri vipi, wapi, kwa kiasi gani?

Aya inayojitosheleza ina mambo manne, na yakifuatana hivi husomeka kwa urahisi: umbo lenyewe, mahali mstari unapopunguza au kuzidisha, ukubwa wa kosa kwa kipimo cha data, na uamuzi. Kwa mfano wetu ningeandika hivi:

> Mstari ulionyooka unaeleza sehemu kubwa ya tofauti za uzito (R² = 0.991), lakini mabaki yake yana umbo la bakuli. Ni chanya kwa kimo cha inchi 58 hadi 61, hasi kuanzia inchi 62 hadi 69, kisha yanakuwa chanya tena. Kwa hiyo mstari unapunguza uzito wa wanawake wafupi sana na warefu sana, na kuuzidisha kwa wenye kimo cha kati. Kosa kubwa zaidi ni pauni 3.1, kwenye inchi 72. Uzito hauongezeki kwa kiasi kilekile kwa kila inchi, bali ongezeko linakua kadiri kimo kinavyozidi, hivyo uhusiano huu hauelezwi vyema na mstari ulionyooka.

Ona kwamba aya haikusema «mabaki hayako sawa» wala haikutaja sifuri kama kitu kitakatifu. Imezungumza kuhusu wanawake na pauni. Msomaji anaweza kuifunika grafu na bado akajua kilichotokea.

11. Naweza kuandika «mabaki yapo kwa bahati nasibu, kwa hiyo uhusiano ni wa mstari»?

Nusu ya kwanza punguza, nusu ya pili badilisha. Grafu haithibitishi kuwa uhusiano umenyooka. Inachoweza ni kukosa kukuonesha kasoro. Andika: «Mabaki yametapakaa juu na chini ya sifuri bila umbo linaloonekana, na upana wake haubadiliki sana kati ya inchi 58 na 72. Ndani ya vimo hivi sikuona sababu ya kuukataa mstari.»

Maneno «ndani ya vimo hivi» si pambo. Nje ya data yako mabaki hayapo, na grafu haina la kusema huko. Linganisha: kwa mtu wa inchi 76, mstari wa `women` unatoa pauni 175, wakati mkunjo wa swali la 14 unatoa pauni 183. Ndani ya data walitofautiana kwa pauni mbili na nusu hivi, si zaidi. Inchi nne tu nje yake wametofautiana kwa nane.

12. Mwalimu ananiambia lugha yangu ina uhakika mno. Nipunguze vipi?

Linganisha nguvu ya kitenzi na nguvu ya picha. Bakuli la `women` linastahili «mabaki yanaonesha». Mpindo unaoonekana kwa sababu ya nukta mbili za pembeni unastahili «yanaashiria», kisha utaje kuwa ni nukta mbili. Ukiwa huna hakika kabisa, sema unachokiona bila kukipa jina: «mabaki matatu ya mwisho yote ni chanya».

Kosa la upande wa pili lipo pia: kuandika «huenda labda inawezekana» mbele ya bakuli ambalo mtoto angeliona.

## Hali zisizo za kawaida

13. Mkunjo upo wazi. Je, siruhusiwi kabisa kutumia mstari?

Inategemea unautumia kwa kazi gani. Kosa kubwa zaidi la mstari wetu ni pauni 3.1 kwa mtu wa pauni 164, chini ya asilimia 2. Kama unahitaji kadirio la haraka la uzito ndani ya vimo hivyo, mstari utakufaa, na hesabu yake unaweza kuifanya kwa kichwa. Kama swali lako ni namna uzito unavyoongezeka kadiri kimo kinavyozidi, mstari unakupa jibu la uongo, kwa kuwa unasema ongezeko ni moja tu.

Sema yote mawili kwenye ripoti. «Haufai kueleza uhusiano, ila unatosha kwa makadirio ya ndani ya data» ni hukumu halali, na kwa maoni yangu ni ya kikomavu kuliko kutupa mstari kwa sababu ya bakuli la pauni tatu.

14. Nimeongeza kimo cha mraba kwenye modeli. Nimemaliza?

Hujamaliza mpaka uchore mabaki mapya. Kwa `women` mkunjo unaotoka ni huu:

```
uzito = 261.88 - 7.348 × kimo + 0.08306 × kimo²
```

R² inapanda kutoka 0.991 hadi 0.9995, hatua inayoonekana ndogo sana. Lakini kosa la kawaida la mabaki linashuka kutoka pauni 1.53 hadi 0.38, yaani robo ya lilivyokuwa. Hiyo ndiyo namba ya kuripoti. Kumbuka pia kwamba uzito uliandikwa kwa pauni nzima, kwa hiyo hadi nusu pauni ya kosa kwa kila safu inatokana na kukadirisha namba tu. Ukifika hapo hakuna umbo kubwa la kufukuzia tena. Kuongeza vipeo zaidi ni kuufuata ukadirishaji wa mwandishi wa jedwali.

15. Nina vipimo 6 tu. Grafu itasaidia?

Kidogo. Nukta sita zinaweza kuonekana kama bakuli, tarumbeta au herufi yoyote kwa bahati tu. Ichore ili kukamata nukta iliyokosewa (swali la 9), na kwenye ripoti andika kwamba vipimo ni vichache mno kuamua kama kuna mkunjo. Jaribio la kuchanganya la swali la 7 litakuonesha hali hiyo mwenyewe: picha nyingi za bahati nasibu zitafanana na ya kwako.

16. Mabaki yangu yamejipanga kwa mistari sambamba inayoshuka. Nimeharibu nini?

Pengine hujaharibu kitu. Tazama unachokikadiria: je, ni majibu ya dodoso ya 1 hadi 5, au idadi ya watoto katika kaya? Thamani halisi zikiwa chache, wote waliojibu 4 wana baki la 4 ukitoa kadirio lao, na hilo ni mstari unaoshuka kadiri kadirio linavyopanda. Waliojibu 3 wanaunda mstari mwingine chini yake, na kadhalika. Mistari hiyo inatokana na kipimo, si na uhusiano.

Ili kuona kama kuna mkunjo nyuma yake, gawa mhimili wa chini katika vipande vitano au sita, tafuta wastani wa mabaki katika kila kipande, na uchore wastani huo juu ya picha. Ukikaa karibu na sifuri kutoka kushoto hadi kulia, mstari haujapinda. Utakachobaki kujiuliza ni kama dodoso la ngazi tano lilipaswa kupewa mstari tangu mwanzo, na kwa hilo mabaki hayana jibu.